Mkunga wa Jadi Baada ya Kazi Kukoma: Kabezi Tumempa Nafasi Gani?

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii, Kabezi



1. Maana

Nimeombwa nizungumzie mtu kupotewa na nafasi yake watoto wanapohama au kazi inapokoma. Maana yake tunaijua sote, na mwenye pensheni ya INSS anajulikana: ana barua na tarehe ya kustaafu. Mimi nitakaa na yule asiye na barua, mkunga wa jadi.

2. Kazi ilivyokoma

Mei 2006 serikali ilifuta malipo ya kujifungua. Mwaka huohuo Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hapa Kabezi kituo cha dharura za uzazi, chenye magari ya wagonjwa usiku na mchana. Ripoti yao ya 2012 ilikadiria kuwa eneo letu lilikuwa na vifo 208 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, wakati wastani wa nchi ulikuwa 800. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka turudi tulikotoka. Ila mkunga aliambiwa neno moja tu, acha, na hakuna aliyemwambia kesho yake afanye nini.

3. Tatizo lenyewe

Chukueni mfano wa bibi mmoja wa vilimani. Mabinti zake wameolewa Rumonge, mwanawe wa kiume yuko Bujumbura. Zamani mlango wake uligongwa usiku. Alilipwa sabuni, kitenge, pengine pombe ya ndizi, na siku mtoto anapotolewa nje yeye ndiye aliyekaa mbele. Baada ya katazo mlango ukanyamaza, na nyumba ilikuwa imeshabaki tupu.

Haukunyamaza kabisa. Familia ziliendelea kumwita kwa siri. Alikaa na mzazi mpaka alfajiri, akampa dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu, na aliposhindwa ndipo wakateremka kituoni. Mama anafika kinywa kimekauka, mkojo una damu, mtoto amekwama. Muuguzi akamkaripia bibi mbele za watu. Tangu hapo bibi hakuteremka tena. Aliwatuma wazazi peke yao, na maelezo ya dawa aliyowapa hayakufika. Kwa miaka nimesema kwenye mikutano kwamba karipio lile linatuchelewesha kuliko ubovu wa barabara, na kila mara naahidiwa kuwa litaangaliwa.

Kilichobadilisha mambo ni mgao wa kazi uliokubaliwa kwa mdomo kati ya bibi na kituo. Uchungu ukianza, bibi anapiga simu na kuteremka na mzazi mapema. Chumbani anakaa upande wa kichwa, anamsugua mgongo, anamtuliza. Hapimi njia ya uzazi, hatoi dawa, havuti mtoto. Baadaye anamtembelea mzazi siku ya 3, kisha katika wiki ya pili. Anaangalia damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu, kitovu, na kama mtoto ananyonya. Kwa kuwa hasomi, muuguzi humpa kadi moja kwa kila mzazi; akiirudisha anasimulia alichokiona, muuguzi anaandika. Sasa anaitwa tena, na anaitwa mchana kweupe.

Mpango huu una kikomo. Magoti ya mzee hayawezi kilima usiku, kwa hiyo mkaza mwana humsaidia kusindikiza. Na sabuni ya zamani haijapata mbadala.

4. Mapendekezo

Kwa heshima zote kwa wizara na uongozi wa wilaya, napendekeza:

1. Kila kituo cha afya kiwatambue wakunga wa jadi wa vilima vyake, na mkuu wa kituo awaite ana kwa ana.
2. Mgao wa kazi usemwe wazi: anachofanya, asichogusa, na saa ya kupiga simu.
3. Aruhusiwe kuingia chumba cha kujifungulia kama msindikizaji, mzazi akimtaka.
4. Asikaripiwe mbele za watu. Kosa lizungumzwe faraghani, na aulizwe kwa upole dawa aliyotoa, maana jibu hilo linaokoa maisha.
5. Ziara za baada ya kujifungua ziandikwe kwa kadi, na kadi zihesabiwe kila mwezi.
6. Tangu 2010 vituo hupata fedha kulingana na huduma zilizotolewa. Wilaya itazame kama sehemu ndogo inaweza kumlipa msindikizaji, hata kwa sabuni na vocha ya simu.
7. Kila mkunga awe na mwenzake kijana wa kutembea usiku.
8. Kituo kitazame dalili za kushindwa: wazazi wanaofika peke yao, wanaofika wamechoka, na kadi zisizorudi. Moja ikionekana, muuguzi apande kilimani akamsikilize bibi.
9. Narudia la nne: asikaripiwe mbele za watu. Hili halihitaji bajeti wala kibali, na linaweza kuanza na zamu ya usiku wa leo.