MSHAHARA WA LEO NA MSHAHARA WA KESHO: JINSI YA KUSOMA TANGAZO LA KAZI YA SERIKALI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Vijana wengi hunijia na tangazo la kazi mkononi, wakaniuliza, "Ndugu, mshahara huu ni mwema?" Mimi huwajibu kwa swali: mshahara upi, wa mwezi wa kwanza au wa mwaka wa kumi? Maana tangazo la kazi ya serikali halitaji mshahara mmoja. Lataja ngazi. Na ngazi ina kipandio cha chini, ina kipandio cha juu, na ina mwisho. Asiyeyajua hayo matatu hajui ameahidiwa nini.

Leo nitachukua kazi moja tu, ya ualimu wa shule za sekondari hapa Kenya. Hesabu nitakazozitaja ni za mkataba wa mishahara wa mwaka 2017 hadi 2021, kama zilivyokuwa mwisho wake. Tangu hapo mishahara imepandishwa mwaka 2023, na mkataba mwingine ukatiwa sahihi mwaka 2025. Kwa hiyo anayeomba kazi sasa atafute jedwali jipya. Njia ya kusoma ndiyo ninayotaka mwishike.

Tume ya Huduma za Walimu huzipa daraja zake herufi na nambari: B5, kisha C1 hadi C5, kisha D1 hadi D5. Katika tangazo mtaona pia herufi T na nambari nyingine kando yake. Msibabaike, ni daraja ile ile imeitwa majina mawili. T ya 5 ndiyo B5, T ya 7 ndiyo C2, T ya 8 ndiyo C3, T ya 9 ndiyo C4.

Basi tumtazame kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada yake ya ualimu. Yeye huanzia C2. Katika mkataba ule C2 iliandikwa Shs. 34,955 hadi Shs. 43,694 kwa mwezi. Kosa la kwanza la wasomaji wengi ni kutazama nambari ya pili na kuanza kuipigia hesabu ya kiwanja na mabati. Ndugu zangu, mwajiriwa mpya hukanyaga kipandio cha chini. Ile nambari ya pili ni dari ya chumba. Hufikiwa kidogo kidogo, kwa nyongeza ya kila mwaka, na mtu akiigusa nyongeza ile husimama.

Tena tazameni umbali kati ya sakafu na dari. Chukueni 34,955, ongezeni robo yake, mtapata 43,694. Fanyeni vivyo hivyo kwa C3, ambayo ilikuwa Shs. 43,154 hadi Shs. 53,943, ni robo tena. Toka B5 mpaka C5 hesabu ni hiyo hiyo, na kuanzia D1 umbali wapungua ukawa sehemu moja ya tano. Maana yake ni kwamba mtu akikaa katika daraja moja tu, hata akikaa mpaka mvi zimtoke, jedwali lile halimpi zaidi ya robo juu ya alichoanzia.

Kwa hiyo swali kubwa ni lile ambalo tangazo halilijibu waziwazi: nitatokaje katika daraja hii kwenda ya pili? Hapa kuna njia mbili, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kupanda kwa kutimiza miaka. Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2018, mwalimu wa C2 huenda C3 baada ya miaka mitatu ya kazi njema. Njia ya pili ni kushindana. Toka C3 kwenda C4 hakuna miaka inayokubeba; lazima nafasi itangazwe, uombe, uhojiwe, uwashinde wenzako.

Sasa tuunganishe. Kijana wetu aanza na Shs. 34,955. Baada ya miaka mitatu aingia C3, yuko Shs. 43,154 au zaidi kidogo. Amepata kama Shs. 8,200 juu ya alizoanza nazo. Mnaona? Ile dari ya 43,694 iliyoandikwa katika tangazo lake wala hakuifikia, wala hakuihitaji. Kisha apanda vipandio vya C3 mwaka hata mwaka mpaka Shs. 53,943, na hapo ndipo penye ukuta. Huo ndio mshahara ambao tangazo la C2 lilimwahidi kweli kweli, ingawa halikuuandika: 53,943, wala si 43,694. Kinachozidi hapo ni cha mashindano, na mtu asikopee mali ya mashindano.

Kuna jambo jingine linalowaumiza watu. Sakafu ya C4 ilikuwa Shs. 52,308, yaani chini ya dari ya C3. Mwalimu aliyepandishwa akiwa bado karibu na sakafu ya C3 huruka zaidi ya Shs. 9,000 kwa siku moja. Lakini mzee aliyekwisha gonga dari ya C3 kwa miaka mingi, akipandishwa huwekwa kwenye kipandio cha C4 kilicho juu kidogo ya mshahara wake, akaona ongezeko dogo, akasema amedhulumiwa. Hakudhulumiwa siku ile; alichopewa ni nafasi ya kupanda tena, kwa kuwa dari ya C4 ilikuwa Shs. 65,385. Hasara yake ilikuwa katika miaka aliyosimama ukutani akingoja. Ndiyo maana tunapodai, tudai nafasi za C4 zitangazwe kwa wingi na kwa wakati. Jina la cheo peke yake halilishi mtu.

Nambari zote hizi ni za mshahara wa msingi. Posho ya nyumba huongezwa juu yake, nayo hufuata daraja pamoja na mahali, na Nairobi hupita vijiji. Kwa hiyo uhamisho waweza kuipunguza hali daraja ni ile ile. Na kuna kinachotoka. Chini ya mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021, mtumishi alikatwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza wa mpango, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu. Asilimia 7.5 ya Shs. 34,955 ni kama Shs. 2,622. Serikali nayo huweka asilimia 15, lakini hiyo huiona uzeeni.

La mwisho, tazameni kama tangazo lina ngazi yo yote. Mwaka 2023 walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi walipewa Shs. 20,000 kwa mwezi. Hiyo ilikuwa posho: nambari moja, haina daraja, haina nyongeza ya mwaka. Ukiona nambari moja pweke katika tangazo, uliza kabla ya kutia sahihi kwamba ni kipandio cha ngazi ipi. Ukiambiwa hakuna ngazi, basi jua kwamba mshahara wa kesho ni huo huo wa leo.

Nendeni basi kila mmoja na tangazo lake, aandike pembeni mambo manne: sakafu, dari, miaka ya kuvuka, na daraja ambapo mashindano huanza. Akishayaandika, hatakuwa na haja ya kuniuliza kama mshahara ni mwema.