Tangazo la Kizazi Si Cheti: Jina la Mtoto Kutoka Wodini Hadi Chuoni

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii,

Akina mama wengi wa Mbagala na Bunju hutunza karatasi moja ndani ya kadi ya kliniki, wakiamini ndicho cheti cha kuzaliwa. Karatasi hiyo ni tangazo la kizazi. Hospitali huitoa mama anapojifungua, na aliyejifungulia nyumbani hulifuata kwa mtendaji. Lenyewe ni taarifa tu. Cheti hutolewa na RITA baada ya taarifa hiyo kuingizwa kwenye daftari la vizazi, na sheria inampa mzazi siku 90 kusajili kizazi.

Kliniki haitamnyima mtoto chanjo kwa kukosa cheti, ndiyo maana kosa huchelewa kuonekana. Pengo huanza kuonekana mzazi anapomwandikisha mtoto bima ya afya, na zaidi anapompeleka darasa la kwanza.

Tuchukue mfano. Mtoto amezaliwa Temeke, na tangazo limeandikwa Aisha Juma Saidi. Familia inahamia Kinondoni, tangazo linawekwa sandukuni. Shuleni hakuna cheti, basi mwalimu anaandika anavyosikia kwa mzazi: Asha Juma. Jina hilo linapelekwa Baraza la Mitihani na linatoka kwenye cheti cha kidato cha nne. Akiomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Sasa ana majina mawili, na itabidi ale kiapo au asajili hati ya kubadili jina. Kitambulisho cha NIDA na pasipoti navyo vinaangalia karatasi hizo hizo.

Usajili wa kuchelewa nao una mlolongo wake. Kizazi husajiliwa katika wilaya mtoto alikozaliwa, kwa hiyo kumbukumbu za Aisha zinafuatwa Temeke. Tangazo likipotea, familia hutafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule, na barua ya mtendaji. Ikizidi miaka 10 tangu kuzaliwa, kibali cha Msajili Mkuu kinahitajika.

Jambo jingine huwaumiza akina mama wasio na ndoa. Jina la baba haliandikwi kwa maelezo ya mama peke yake. Wazazi wote wawili wanapaswa kuliomba pamoja na baba kutia saini. Baba akiwa bado yupo karibu ndipo jambo hili ni jepesi, na kwa maoni yangu mama aelezwe tangu mahudhurio ya ujauzito.

Basi mnapomtembelea mzazi, ombeni kuliona tangazo. Linganisheni herufi kwa herufi na vitambulisho vya wazazi, tazameni tarehe na jinsi ya mtoto. Kosa likionekana, mama arudi kwenye kituo alichojifungulia kabla taarifa haijaingia daftarini, kisha apeleke maombi kwa msajili wa wilaya au kwenye mfumo wa eRITA.