Mauzo Si Thamani



Mwanzilishi wa kampuni changa anapotafuta mtaji hupenda kuzidisha mauzo ya mwaka kwa namba fulani, akaiita hesabu hiyo thamani. Namba hiyo huazimwa kwa kampuni nyingine. Suala ni ipi. WeWork ya Marekani ilikodi majengo na kuyapangisha vipande vipande. Mwaka 2018 ilipata mapato ya dola bilioni 1.8 hivi, na hasara ya bilioni 1.9. Hata hivyo, Januari 2019 ilithaminiwa dola bilioni 47, yaani mara 26 ya mapato, kana kwamba inauza programu za kompyuta! IWG, yenye biashara ile ile tena kwa faida, haikufikia hata mara mbili. Novemba 2023 WeWork ilikimbilia mahakamani kujikinga na wadai wake.

Njia ya pili hutazama fedha zitakazobaki baada ya gharama, kisha huzipunguza kwa ajili ya kungoja na hatari. Shilingi milioni 100 za mwaka wa tano, zikigawanywa kwa 1.4 mara tano, yaani kwa kiwango cha asilimia 40, leo ni milioni 18.6 tu. Kwa asilimia 20 ni milioni 40. Basi mwanzilishi na aulizwe kwanza: kiwango hicho amekichagua kwa sababu gani, na ni wateja wangapi wamekwisha kulipa?