Mkopo wa Siku Thelathini Unaozaliwa Upya

Maneno yafuatayo yalisemwa mbele ya mafundi na wachuuzi wa Kangemi, Nairobi.



Nimeombwa niseme nanyi habari za mikopo ya muda mfupi, nami nitatumia mfano wa fundi mmoja wa nguo. Tumweke hapa Kangemi, na tuseme alipungukiwa na Shs. 10,000/- za kununua cherehani.

Fundi huyu alizikopa kwa simu, kwa muda wa siku 30. Ada ilikuwa Shs. 7/50 kwa kila Shs. 100/-, yaani Shs. 750/- kwa mkopo wote. Kiwango hicho si cha kubuni, kwa maana ndicho kilichotozwa na M-Shwari huduma hiyo ilipoanza mwezi wa Novemba, 2012. Shs. 750/- hazikumtisha fundi wetu. Cherehani ilifanya kazi vizuri, ikamletea faida ya kadiri ya Shs. 1,000/- kila mwezi baada ya matumizi ya nyumbani.

Siku ya 30 ilipofika alitakiwa kulipa Shs. 10,750/-, naye alikuwa na 1,000/- tu. Akaenda kwa jirani yake mwenye duka, akaazima Shs. 10,000/- kwa muda wa saa moja. Akazijumlisha na Shs. 750/- zake, akalipa deni lote. Papo hapo akakopa tena Shs. 10,000/- kwa simu, akamrudishia jirani fedha zake. Akarudi nyumbani akifurahi kwamba amelipa deni kwa siku yake.

Lakini je, alilipa? Alitoa Shs. 750/- mfukoni mwake, na deni likabaki Shs. 10,000/- kama siku ya kwanza. Fedha ile ilinunua siku 30 nyingine tu. Akifanya hivyo mara kwa mara mpaka mwaka uishe, atakuwa ametozwa ada 12, yaani Shs. 9,000/-, na bado atadaiwa zile Shs. 10,000/-. Siku atakapozilipa, cherehani itakuwa imemgharimu Shs. 19,000/-.

Sasa tuupime mkopo wa mwaka mmoja. Tuseme fundi huyu ni mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa chenye ofisi yake mjini. Vyama vingi vya namna hii hutoza shilingi moja kwa mia kila mwezi, juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza angelipa kadiri ya Shs. 933/-: Shs. 833/- za kupunguza deni, na Shs. 100/- za riba. Kwa kuwa deni hupungua, riba nayo hupungua, hata mwezi wa mwisho angelipa Shs. 842/- hivi. Riba ya mwaka mzima ni Shs. 650/-. Tazameni basi: ada ya mwezi mmoja wa mkopo wa simu inapita riba ya miezi 12 ya chama. Na malipo ya mwezi yanapita zile Shs. 750/- kwa Shs. 183/- tu.

Mkopo huo una masharti. Yapasa uwe na akiba na wadhamini, na pengine kuna gharama za fomu na bima. Hata tukiziweka gharama hizo kuwa Shs. 500/-, jumla ni Shs. 1,150/-, wala haifiki 9,000/-. Lakini ulizeni kwanza kama riba huhesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya mkopo wa awali. Ikiwa ni juu ya mkopo wa awali, Shs. 650/- zinakuwa 1,200/-.

Sisemi kwamba mkopo wa siku 30 haufai kamwe. Mchuuzi anayenunua mboga leo na kuziuza zote kabla ya Jumapili aweza kuulipa mara moja na kumaliza. Kosa la fundi wetu lilikuwa kununua kitu kinachorudisha fedha polepole kwa mkopo unaotaka zote kwa mkupuo.

Na aliyekwisha kunaswa, wala hana chama, afanyeje? Kila anapokopa upya, apunguze Shs. 1,000/-: akope 9,000/-, kisha 8,000/-, mpaka deni liishe. Mwezi wa kwanza atatoa Shs. 1,750/-, nao ndio mgumu kuliko yote; lakini katika miezi 10 ada zote zitakuwa Shs. 4,125/-, na hatadaiwa kitu.

Basi, kila mwezi andikeni katika daftari ni kiasi gani mmekopa, bila ada. Namba hiyo ikiwa ile ile kwa miezi miwili, jueni kwamba hamlipi deni, bali mnalipia siku.