Shauri la Kodi Lililolala
Hotuba ya Katibu kwa wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kutimiza miaka kumi



Tumeombwa tueleze jinsi shauri la kodi la chama kimoja chetu lilivyolala, na jinsi lilivyoamshwa. Jina la chama hatutalitaja, wala la ofisi iliyohusika, maana nia yetu si kulaumu bali kuonya.

Mwezi wa Januari chama kilipokea hati ya makadirio ya kodi ya shilingi 9,000,000. Tulipoichunguza tuliona kwamba fedha za korosho zilizopita katika akaunti ya chama, zikienda kwa wakulima, zimehesabiwa kuwa mapato ya chama. Mapato yetu yalikuwa ushuru mdogo tu unaokatwa kwa kila kilo. Kodi tuliyoikubali ilikuwa shilingi 1,000,000.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi yatoa siku 30 za kuleta pingamizi, tangu siku ya kupokea hati. Tena hapana budi kulipa kwanza kodi isiyobishaniwa au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo tulilipa shilingi 3,000,000, fedha zilizokuwa zimewekwa kwa paa la ghala kabla ya msimu wa Oktoba. Pingamizi likapokelewa rasmi tarehe 20 Februari.

Tangu hapo kimya. Mwezi wa Aprili tulimwandikia afisa mwenye jalada, na mwezi wa Mei mkuu wake. Mwezi wa Juni tulipeleka malalamiko katika dawati la malalamiko la ofisi ile ile, tukapewa namba, lakini jibu hatukupewa. Wanachama wakaanza kuuliza kama fedha za paa zimeliwa na katibu. Neno hilo lilituuma kuliko kodi yenyewe.

Ndugu wajumbe, hatari iliyofichika katika kimya hicho ni hii. Kamishna Mkuu ana miezi sita ya kuamua pingamizi tangu lilipopokelewa. Ikipita bila uamuzi, makadirio huhesabiwa kuwa yamethibitishwa, na mlipakodi hubakiwa na njia ya Bodi ya Rufaa za Kodi: kusudio la rufaa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Anayekaa akingoja barua aweza kuamka haki yake imekwisha kupita. Siku yetu ilikuwa 20 Agosti.

Basi mwanzoni mwa Julai tuliamua kwenda kwa Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi, ambaye ofisi yake iliwekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa kurasa nane, zote zikibishana kama fedha za wakulima zatozwa kodi au hazitozwi. Mweka hazina wetu, mzee mwenye busara, akaizuia. Akasema, “Mwanangu, hapa umemwomba ahukumu, naye hakupewa kazi ya kuhukumu.” Alisema kweli. Msuluhishi hashughuliki na kiasi cha kodi wala na sera. Hayo ni ya pingamizi na rufaa. Yeye hutazama huduma, utaratibu na ucheleweshaji.

Tukaandika upya ukurasa mmoja: tarehe ya hati, ya pingamizi, ya malipo, ya kila barua, na namba ya lalamiko la Juni. Tukaambatisha nakala zenye mhuri wa kupokelewa. Ombi letu likawa moja tu: pingamizi lishughulikiwe kabla ya 20 Agosti. Na kwa kuwa lalamiko halisimamishi siku za rufaa, tuliandaa pia hati za Bodi, tukaziweka kabatini.

Jalada lilipotafutwa, ilionekana kwamba afisa wa kwanza alihamishwa, na daftari letu la malipo ya wakulima halikuwamo ndani. Tulipeleka nakala siku ya pili yake. Tarehe 28 Julai tulipata pendekezo la uamuzi, tukalijibu kwa siku tano. Tarehe 16 Agosti ukaja uamuzi wa mwisho: kodi shilingi 1,400,000. Zile 400,000 za ziada zilitokana na pango la ghala ambalo sisi wenyewe tulisahau kulionyesha. Shilingi 1,600,000 zilizozidi zikatambuliwa kuwa ni haki ya chama.

Yafaa basi kila katibu aliye hapa aandike ukutani tarehe ya kupokelewa kwa pingamizi na ya mwezi wa sita baada yake, na asipokee barua irudiyo bila mhuri. Hati za kabatini hatukuzitumia. Lakini usiku wa tarehe 15 Agosti ndizo zilizotupa usingizi.