Kwa Nini Harufu Inarudi

Mhadhara wa umma uliotolewa Ngara



Mwaliko ulinitaka nizungumzie afya ya uzazi kwa upana wake. Niruhusuni nibaki na ugonjwa mmoja. Kitabibu unaitwa vajinosisi ya bakteria. Mwanamke hutokwa na uchafu mwepesi wa kijivujivu, na hasa baada ya tendo la ndoa au hedhi hutoa harufu ya samaki. Kwa kawaida hawashwi sana wala hana maumivu. Akimeza dawa anapona, na baada ya miezi miwili au mitatu harufu inarudi. Nitazungumza juu ya huko kurudi.

Wilaya hii ina historia yake katika jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku mbili hivi wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kambi ya Benaco ikazaliwa hapa Ngara. Watafiti walipopima magonjwa ya zinaa kambini, walitarajia kukuta kisonono na kaswende kila mahali. Kwa wajawazito waliohudhuria kliniki, kisonono kilikuwa asilimia 3 tu. Lakini zaidi ya nusu yao walikuwa na maambukizi ya ukeni: trikomona, fangasi, au hii vajinosisi. Miaka kadhaa baadaye, katika miji ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, migahawa na nyumba za wageni walipopimwa, takriban 6 kati ya 10 walikuwa nayo. Kwa hiyo mama anayekuja zahanati akilalamikia uchafu hana ugonjwa wa ajabu. Ana ugonjwa ulioenea kuliko mengi tunayoyaogopa.

Ili tusielee hewani, nitamtunga mgonjwa mmoja. Ana miaka 29, anaishi Rulenge, ana watoto wawili na anatumia kitanzi cha shaba. Mumewe ni mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Biharamulo na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama huyu ameugua mara nne ndani ya mwaka. Mara ya kwanza duka la dawa muhimu lilimpa kidonge cha fangasi. Mara ya pili aliambiwa ni yutiai sugu, akachomwa sindano. Mara ya tatu alipewa flajili, akapata nafuu siku ya tatu, akaacha. Mara ya nne alimeza dozi yote, na bado imerudi.

Hadithi hii inaonyesha kasoro kadhaa za mfumo wetu, na ya kwanza ni kwamba mara mbili hakupimwa. Fangasi huwasha na kutoa uchafu mzito kama maziwa mgando, bila harufu ya samaki. Yutiai huunguza wakati wa kukojoa. Kuthibitisha vajinosisi hakuhitaji mashine kubwa. Tangu 1983 tunatumia vigezo vinne vya Amsel, na vitatu vikitimia inatosha: uchafu mwepesi unaotanda sawasawa, asidi ya uke iliyopungua hadi karatasi ya pH ikasoma juu ya 4.5, harufu ya samaki ute unapodondoshewa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, na kwenye hadubini seli za uke zilizofunikwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani. Zahanati isiyo na hadubini ikiwa na karatasi ya pH na chupa ya dawa hiyo, bado inaweza kufanya kazi. Tahadhari ni moja: shahawa, damu ya hedhi na trikomona vyote hupandisha pH. Trikomona ni ya kutafutwa hasa, kwa sababu hiyo ni ya zinaa bila ubishi na mume hutibiwa kila mara.

Tuseme mama yetu amepimwa na ni vajinosisi kweli. Kwa nini dozi kamili haikumaliza kazi?

Uke wenye afya hulindwa na bakteria wa kundi la laktobasili, ambao hutengeneza asidi na kuwazuia wengine. Katika vajinosisi hao hutoweka, na nafasi yao huchukuliwa na mchanganyiko wa bakteria wasiopenda oksijeni, gadnerela akiwa kinara. Hawa hawaelei tu kwenye ute. Mwaka 2005 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba hujishika kwenye ukuta wa uke kwa utando mzito, kama ukoga unaong'ang'ania mawe ya mtoni. Metronidazoli, ndiyo flajili yenyewe, huua walio juu na harufu hukata haraka. Walio ndani ya utando hubaki. Laktobasili asiporudi kushika nafasi yake, masalia hukua tena. Wanawake wa Melbourne waliofuatiliwa baada ya kumeza metronidazoli siku saba walionyesha hivyo: kufikia mwaka mmoja, asilimia 58 walikuwa wameugua tena. Hao walikuwa na dawa halisi na kliniki nzuri. Kwa hiyo mtu asimwambie mama wa Rulenge kwamba hajui usafi.

Na hapo usafi wenyewe unaweza kuwa tatizo. Mwanamke anayenuka hujiosha zaidi, huingiza kidole chenye sabuni, wengine huweka dawa za mitishamba za kukausha. Kila mara anaondoa asidi na laktobasili wachache waliosalia. Maji nje, bila sabuni ndani, yanatosha. Kitanzi cha shaba nacho kimehusishwa na vajinosisi katika tafiti kadhaa, pengine kwa sababu hedhi huwa nyingi na ndefu, na damu hupunguza asidi. Sitamwambia akitoe leo. Mimba asiyoitaka ni tatizo kubwa kuliko harufu. Lakini ikiwa ugonjwa ulianza baada ya kitanzi na umegoma kabisa, azungumze na muuguzi wa uzazi wa mpango juu ya njia nyingine, na asikitoe kabla ya kuanza hiyo nyingine.

Sasa dozi. Ya msingi ni miligramu 400 asubuhi na jioni kwa siku saba. Vidonge vyetu vingi ni vya miligramu 200, kwa hiyo viwili mara mbili kwa siku, jumla vidonge 28. Mama akitoka dukani na vidonge kumi na tano, hajapata dozi. Ile ya kumeza vidonge kumi kwa mkupuo mmoja ni rahisi, ila kwa ugonjwa huu ni dhaifu. Wengi huacha njiani kwa sababu ya ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, basi ameze baada ya kula. Kuhusu pombe, kibandiko cha dawa kinakataza na mimi sitawashauri mkipuuze, ingawa ushahidi wa madhara hayo ni dhaifu kuliko tulivyofundishwa. Ninachokiona kibaya zaidi ni mtu kuacha vidonge kwa sababu Jumamosi kuna sherehe na rubisi imeiva.

Kwa anayeugua mara tatu au zaidi kwa mwaka, kuna njia ndefu. Iliyochunguzwa vizuri ni jeli ya metronidazoli ya asilimia 0.75: baada ya tiba ya kwanza, mama anaiweka ukeni mara mbili kwa wiki kwa wiki 16. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, waliopata jeli halisi walirudiwa na ugonjwa asilimia 26 hivi ndani ya wiki hizo, dhidi ya asilimia 59 ya waliopewa jeli bandia. Lakini walipoacha, ugonjwa ulianza kurejea, na kufikia wiki ya 28 nusu yao walikuwa wameugua tena. Jeli inazuia, haing'oi. Pia huleta fangasi. Mama akianza kuwashwa wiki ya sita, asiseme ile harufu imerudi kwa sura nyingine. Apimwe tena, atibiwe fangasi, aendelee.

Pale jeli isipopatikana, na huku ni kawaida, kuna mbinu iliyojaribiwa jirani zetu Mombasa kwa wanawake wanaouza ngono: gramu 2 za metronidazoli na miligramu 150 za flukonazoli mara moja kila mwezi. Vajinosisi ilipungua kwa takriban asilimia 45. Hapo dozi ya mkupuo inatumika kuzuia, si kutibu, na inahitaji daktari wa kuisimamia. Nitataja pia vidonge vya ukeni vya asidi ya boriki, kwa sababu vijana wamevisikia. Vinatumika kwa baadhi ya wagonjwa wagumu, lakini asidi hiyo ikimezwa inaweza kuua, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Isikae kabatini mwa nyumba yenye watoto.

Tumefika kwa mume. Kwa miaka mingi jibu la vitabu lilikuwa kwamba kumtibu mwanamume hakusaidii, kwa sababu majaribio ya kuwapa vidonge pekee hayakuleta tofauti. Wakati huohuo Rakai, Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Kagera, wake wa waume waliotahiriwa katika utafiti walipungukiwa na vajinosisi kwa takriban asilimia 40 kuliko wake wa ambao hawakuwa wametahiriwa. Bakteria walikuwa wanaishi mahali fulani kwa mwanamume, na kidonge hakikuwafikia vizuri: chini ya govi, kwenye ngozi.

Mwaka 2025 watafiti wa Melbourne walichapisha jibu. Walichukua jozi 164 za wapenzi wasio na wenza wengine, wanawake wote wakiwa na vajinosisi na wakitibiwa kama kawaida. Nusu ya wanaume walimeza metronidazoli miligramu 400 mara mbili kwa siku, na kupaka krimu ya klindamaisini ya asilimia 2 kwenye kichwa cha uume, chini ya govi na sehemu ya juu ya uume, mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Ndani ya wiki 12, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 35 ya wanawake wa kundi hilo, na asilimia 63 ya wale ambao waume zao hawakutibiwa. Utafiti ulisimamishwa mapema, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Wanaume wengi katika utafiti huo hawakuwa wametahiriwa.

Akina baba mliopo, nawaona mmeinamisha vichwa. Kupewa dawa hii hakuthibitishi kwamba mmoja wenu ametoka nje ya ndoa. Bakteria hawa wanaweza kuzunguka kati ya watu wawili kwa miaka. Muuguzi aliseme hilo mwanzoni, akiwa na wote wawili, kabla kitabu cha kliniki hakijageuka hati ya mashtaka nyumbani.

Turudi Rulenge. Mume anarudi mara moja kwa mwezi, na hapo ndipo mpango unaweza kuvunjika. Wote wanapaswa kuanza wiki ileile, na wasikutane hadi wamalize. Kondomu haiwaokoi wiki hiyo, kwa kuwa krimu ya klindamaisini ina mafuta yanayodhoofisha mpira. Njia inayowezekana ni mume kuchukua vidonge vyake 28 na krimu, kuanza siku ileile mkewe anapoanza huku akiwa machimboni, na kurudi akiwa amemaliza. Krimu ikiwa haipatikani, vidonge peke yake ni nusu ya tiba, na wajue hivyo kabla ya kutumia hela. Akiwa ana mwanamke mwingine huko machimboni, au mke wa pili, utafiti wa Melbourne haujamjibu, maana wanandoa wa namna hiyo hawakuwamo. Hapo ningewatibu wote wanaokubali kuja, ningewapima virusi vya Ukimwi na kaswende, na mama ningemwanzishia jeli ya wiki 16 nikimweleza wazi kwamba namzuilia ugonjwa hadi mazingira ya nyumbani yatakapobadilika.