Kabla Kijana Hajalipa, Kabla Hajatuma Vyeti

Maneno kwa kamati za parokia za Tunduma na mkoa wa Songwe



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linalofika mezani kwa kamati. Kijana amemaliza chuo, au anatafuta mahali pa kufanya mafunzo kwa vitendo. Anakuja na barua iliyo kwenye simu yake. Barua inasema amepata nafasi, ila atangulize malipo. Mzazi hana, hivyo kamati inaombwa itoe kwenye mfuko wa elimu. Fedha ile imechangwa na waumini na wafadhili, nasi tunataka ifike shuleni na vyuoni, siyo kwa tapeli.

Tuchukue mfano mmoja tuupitie pamoja. Hapa Tunduma vijana wengi hutamani nafasi katika kampuni za forodha, zile zinazoshughulikia nyaraka za malori yanayovuka Nakonde kwenda Zambia na Kongo. Tuseme kijana wa Ileje amepokea barua kwa WhatsApp. Ina nembo na muhuri wa kampuni ya Tunduma. Inasema amechaguliwa kwa mafunzo ya miezi 3 na posho ya shilingi 350,000 kwa mwezi. Atume shilingi 45,000 za kitambulisho, sare na bima ndani ya saa 24. Tena atume picha ya kitambulisho chake cha Taifa pande zote mbili, na vyeti halisi avikabidhi kwa mtu atakayemfuata stendi.

La kwanza la kumuuliza kijana ni hili: uliomba nafasi hiyo lini, na kwa nani? Kampuni haimchagui mtu isiyemjua. Akisema aliweka namba yake tu kwenye tangazo la kundi la simu, tayari tuna sababu ya kusimama.

La pili ni kuitafuta kampuni yenyewe, lakini si kwa namba iliyo kwenye barua. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanapiga namba ile ile, anapokea mtu mwenye sauti ya ofisini, nao wanaridhika. Jina la kampuni laweza kuwa la kweli kabisa na limesajiliwa BRELA, lakini tapeli ameliazima tu. Usajili unathibitisha kwamba kampuni ipo; hauthibitishi kwamba barua imetoka kwake. Muhuri nao huchongwa.

Wakala wa forodha hupewa leseni na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na leseni hiyo huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka. Kwa hiyo ofisi ya forodha pale mpakani ndiyo pa kuuliza kama wakala huyo anatambulika. Kisha mtu aende ofisini kwake kwa miguu na kuuliza kama barua ni yao. Kijana wa Ileje, Mbozi au Momba hana haja ya kulipa nauli kwa ajili hiyo. Kamati ya kwao ipige simu kwa kamati ya Tunduma, mjumbe mmoja apite na barua ile. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Kama barua inakataza kufika ofisini kabla ya kulipa, jibu limekwisha kupatikana.

La tatu ni fedha yenyewe. Unapotuma kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, simu huonesha jina la atakayepokea. Lisome. Kampuni inayodai ada ya bima kwa namba ya mtu binafsi haina maelezo ya kutosha, hata akisema ni namba ya mhasibu. Nafasi za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, ambako mwombaji hujaza maombi mwenyewe kwenye portal.ajira.go.tz bila kulipa, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa wazi. Anayeuza nafasi hizo kwa simu anauza asichokuwa nacho.

Malipo ya serikali hufanywa kwa ile namba ambayo watu huiita kontro namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Lakini hata hapo tuwe macho. Tapeli aweza kukutumia namba halali ya deni lake mwenyewe, nawe ukamlipia. Angalia kwanza malipo ni ya taasisi gani na ni ya kitu gani.

Tusiseme pia kwamba kila malipo ni wizi. Baadhi ya hospitali hutoza wanafunzi wa afya ada ya mafunzo. Tofauti ni kwamba ada hiyo chuo kinaifahamu, hulipwa kwenye akaunti ya taasisi, na hutolewa risiti. Kamati ipige simu chuoni kwanza, kisha ilipe moja kwa moja kwenye taasisi badala ya kumpa kijana fedha mkononi.

La nne ni nyaraka, na hapa hasara huchelewa kuonekana. Shilingi 45,000 zikipotea, umezijua siku hiyo hiyo. Namba ya kitambulisho ikipotea, waweza kujua baada ya miezi. Tangu mwaka 2019 laini za simu husajiliwa kwa namba ya NIDA pamoja na alama za vidole. Kijana anayeitwa kwenye "usajili wa mafunzo", akaweka kidole kwenye kifaa cha mtu asiyemjua, tena akaambiwa arudie kwa sababu cha kwanza hakikusoma, aweza kuwa amesajili laini asizoziona. Laini hizo zikitumika kutapeli wengine, polisi wanapofuatilia hulikuta jina lake.

Kwa hiyo tufuate mpangilio. Wakati wa kuomba, wasifu, barua ya chuo na nakala za vyeti zinatosha. Namba ya NIDA na akaunti ya benki ni za baadaye, kijana akiwa amefika ofisini na kusaini mkataba. Vyeti halisi huoneshwa na kurudishwa papo hapo, havikabidhiwi stendi. Pasipoti hivyo hivyo, hasa kwa anayeambiwa kwamba mafunzo ni ng'ambo ya mpaka. Namba ya siri, na zile tarakimu za uhakiki zinazoingia kwa ujumbe, haziombwi na mwajiri yeyote wa kweli, mapema wala baadaye.

Na kama kijana ameshatuma? Asione haya, wala asisubiri kesho. Apige mara moja 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, aombe muamala uzuiwe. Fedha ikiwa haijatolewa kuna matumaini. Ikishatolewa, ni vigumu kuirudisha. Ujumbe wa tapeli na namba yake avipeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano. Aripoti polisi apewe namba ya RB, na asifute mazungumzo, kwani ndiyo ushahidi wake. Aliyetoa namba ya NIDA au vidole apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Akikuta asiyoijua, aende na kitambulisho duka la mtandao husika aikane ifungwe. Arudie kuangalia baada ya wiki chache.

Ndugu wajumbe, tunapendekeza kila kamati iandike kwenye daftari lake kanuni moja: mfuko wa elimu hautoi fedha kwa nafasi ya mafunzo mpaka mjumbe aandike ni nani alizungumza naye katika ofisi husika, na tarehe gani. Kijana akisema muda utaisha leo jioni, tumjibu kwa upole kwamba nafasi ya kweli huweza kusubiri simu moja.